Nguzo ina matundu, fundi anasema plasta itaziba

*Asalaam aleikum Mhandisi. Najenga Malindi, si mbali na ufuo. Jana tumevua mbao za nguzo. Mbili kati ya nane zina matundu chini, mawe yanaonekana, na moja naona hadi chuma. Bimu nayo ina mstari wa mshazari pale mikisa ilipoharibika tukasimama kama saa mbili. Fundi anasema nisijali, plasta itaziba. Ni kweli?*

Waaleikum salaam. Plasta itaziba macho yako, ndugu yangu. Matundu yatabaki pale pale.

Neno hili "plasta itaziba" nalisikia karibu kila mjengo ninaokanyaga, na linaniudhi kuliko saruji iliyoganda kwenye mfuko. Chuma ndani ya zege hakishiki kutu kwa sababu ute wa saruji ni mkali kama chokaa, na ukali huo hukijengea chuma ngozi nyembamba ya kukilinda. Lakini sharti ute wenyewe ukikumbatie chuma pande zote. Ndani ya tundu, chuma kimesimama kwenye hewa. Ukipiga plasta juu umefunga mlango tu. Plasta ni mchanga na saruji, unene wa sentimita moja na nusu hivi, nayo hunywa unyevu, na unyevu wa pwani una chumvi. Kutu ikianza huvimba, ikachukua nafasi zaidi ya maradufu ya ile ya chuma kilicholiwa, na plasta haina nguvu ya kuizuia.

Niliitwa nyumba moja ya ufuoni ambayo wenyewe wameihamia miaka michache tu. Rangi safi, ila nguzo ya baraza ina ufa wima kama uzi. Nikagonga kwa nyundo, ikalia tupu, kisha likaanguka bamba zima. Plasta ilikuwa nzuri, tena imesuguliwa niru. Nyuma yake palikuwa na kokoto kavu zilizoshikana kwa ncha, kidole kinapita, na ringi mbili, zile pete zinazofunga vyuma vya nguzo, zimeliwa hadi kukatika.

Pima hasara yako. Tuseme nguzo ni sentimita 20 kwa 20, na tundu limeingia sentimita 6 upande mmoja mzima. Hapo zimebaki 14 kwa 20, yaani karibu theluthi ya zege haipo. Zaidi ya hapo, vyuma vya upande huo hukaa kama sentimita 4 kutoka usoni, kwa hiyo viwili kati ya vinne vimo ndani ya shimo, havina kitu cha kuvizuia visipinde mzigo ukivilemea. Na chini ya nguzo ndipo mzigo wote wa juu unapopitia. Kujua kina, usitegemee macho: chukua waya mgumu uchokoe, kisha gonga kuzunguka kwa nyundo ndogo, maana tundu la ndani huwa pana kuliko linavyoonekana nje.

Kwa nini chini, si katikati? Zege lilimwagwa kutoka juu, mita 3. Likishuka hujigonga kwenye ringi, ute unanata njiani na mawe yanatangulia kutua. Kisha mbao chini hazikukazwa, na ute mchache uliofika ukavuja. Angalia sakafu kando ya nguzo: ukiona utando wa kijivu umetandazika na kukauka, hiyo ndiyo saruji iliyokosekana ndani. Dawa yake ilikuwa kuziba mianya ya mbao, kutanguliza rojo ya saruji na mchanga kama sentimita 3 chini, kuacha dirisha kwenye mbao katikati ya kimo ili zege liingilie hapo, na kumwaga kwa tabaka za sentimita 40 hivi. Kila tabaka vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege, izame wima hadi iguse tabaka la chini yake, isubiri mapovu yaishe, itolewe polepole. Fundi aliyeongeza maji "zege litiririke lenyewe" hakusaidia. Maji mengi ndiyo yanayotenganisha mawe na ute.

Sasa kurekebisha. Kwanza mhandisi aliyechora aje aone, na bimu iegemezwe kwa jeki pande zote mbili kabla patasi haijagusa nguzo. Tundu likiwa limefika katikati au limetoboa upande wa pili, usiliungeunge. Nguzo ivunjwe imwagwe upya. Likiwa la upande, kata ukingo wake kwa grainda uwe na kona kali, kina cha sentimita moja bila kugusa chuma, kisha chonga hadi ufikie zege linalolia gumu. Nyuma ya kila chuma kilichofichuka chonga mpaka kidole kipite, ili zege jipya likizunguke. Sugua chuma kwa brashi ya waya. Osha kwa maji ya bomba, siyo ya kisima chenye chumvi. Pawekwe unyevu usiku kucha, na asubuhi pawe na maji mwilini lakini usoni pakavu.

Funga mbao zenye mdomo wa kumiminia unaopanda kama sentimita 10 juu ya tundu, ili zege lisukumwe kwa uzito wake hadi dari ya shimo. Bila mdomo huo pengo hubaki juu, nawe umerudi ulipoanza. Tumia kokoto ndogo, saruji nyingi kidogo, maji machache, au grauti isiyosinyaa inayouzwa kwa mfuko. Kesho yake kata kinundu kilichobaki mdomoni, kisha vika magunia mabichi siku 7, yasikauke hata mchana mmoja.

Ule mstari wa bimu, mafundi huuita koldi jointi: zege la kwanza lilishaganda, la pili halikuchanganyika nalo. Kwa joto letu, saa mbili ni nyingi mno. Vaibreta isipozama kwa uzito wake, basi wakati umepita. Mstari ukiwa katikati ya bimu na umeshikana, huenda mhandisi akauruhusu ubaki, uchimbwe mfereji mdogo na kujazwa. Ukiwa karibu na nguzo, ambako bimu hukatwa na mzigo, au maji ukiyamimina juu yanatokea ubavuni, usikubali maneno: unadungwa epoksi na mwenye ujuzi huo au kipande kinavunjwa. Mikisa ikifa, zege lizuiwe kwa ubao wima katikati ya bimu. Kesho yake utando wa juu unasuguliwa mpaka mawe yatokeze, panaoshwa, ndipo kazi iendelee. Wapo wanaonyunyizia unga wa saruji mstarini wakidhani ni gundi. Unga ule hukauka kuwa vumbi, na mshono unakuwa dhaifu zaidi.

Na jihadhari na anayekuja na kopo la "dawa ya hanikomu", yaani ya matundu kama haya, ya kupaka kwa brashi. Rangi haiingii sentimita 6. Mtu yeyote anayetaka kufunika kabla ya kuchonga, awe fundi, dalali au mkandarasi mwenye gari kubwa, anauficha ushahidi, na kutu ikitokeza yeye ameshalipwa na simu haishiki.

Kabla niru haijakorogwa, zigonge na zile nguzo sita zilizobaki, chini hadi juu. Itakayolia tupu iwekee alama ya chaki, umngoje mhandisi.