Kukagua barua pepe fupi kabla ya kutuma

"Barua pepe yangu naisoma mara nyingi, kosa nalikuta nikishatuma. Nisome kwa sauti au kinyumenyume?"

Habari ndugu. Anza kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata kila neno. Bila kidole mdomo husahihisha wenyewe. Tuseme umeandika: "Tafadhari nitumie ankara ya ya mzigo uliofika Kariakoo." Sauti itakwama kwenye "ya ya". "Tafadhari" itapita, maana hapa Dar wengi hutamka hivyo hivyo. Sasa rudi kutoka mwisho: Kariakoo, uliofika, mzigo, mpaka "tafadhari" ibaki peke yake bila sentensi ya kuibeba, na jicho lione hiyo "r". Ila kinyumenyume hakikamati "mzigo zimefika", kwa kuwa kila neno limeandikwa sawa. Hilo ni kazi ya sauti. Tarehe na kiasi cha pesa vilinganishe na ankara yenyewe.