Madesa ya kikundi hupasukia kwenye maungio

Mwaka wa kwanza chuoni kikundi chetu cha diskasheni kilikuwa na watu watano, na kozi iliyotunyima usingizi ilikuwa kemia ya themodainamiki. Jioni moja tulikaa kwenye vimbweta, tukafungua silabasi, tukahesabu mada, tukagawana. Gesi zako, sheria ya kwanza yangu, enthalpi ya yule, entropi ya huyu, Gibbs ya mwingine. Baada ya wiki mbili kila mtu alirusha kazi yake WhatsApp, mmoja wetu akaziunganisha kwenye faili moja, tukaenda kuchapa steshenari. Desa lilikuwa nene, na tulilishika kwa furaha.

Siku tano kabla ya mtihani tulikuwa tunapiga msuli pamoja, tukafika kwenye swali rahisi. Gesi iko ndani ya silinda, inapewa joto la jouli 500, inatanuka na kusukuma pistoni, inafanya kazi ya jouli 200. Nishati yake ya ndani imebadilika kwa kiasi gani? Watatu wakasema 300. Wawili wakasema 700. Wote walikuwa wanasoma desa lilelile.

Tukarudi kurasa nyuma. Mimi niliyeandika sheria ya kwanza nilitumia mlinganyo wa kemia, ΔU = q + w, ambapo w ni kazi inayofanyiwa gesi. Gesi ikitanuka, w ni hasi, kwa hiyo 500 kutoa 200 ni 300. Mwenzetu wa gesi alisoma kitabu cha fizikia. Huko mlinganyo ni ΔU = Q − W, na W ni kazi ambayo gesi yenyewe inafanya. Gesi ikitanuka, W ni chanya, na jibu bado ni 300. Waliopata 700 walichukua mlinganyo kwangu na alama ya chanya kwake: 500 kujumlisha 200.

"Dada, sasa nani kakosea hapa?" aliniuliza mmoja wao. Hakuna aliyekosea. Kila ukurasa ulikuwa sahihi ukiusoma peke yake. Kosa lilikuwa pale kurasa zilipokutana, na pale hapakuwa na mwenyewe.

Tangu siku ile nimeongoza vikundi vinne, na ushauri wangu unahusu mahali hapo tu. Mkeka hushonwa kwa ukili mrefu, na ukili ukiwa mpana huku na mwembamba kule, mkeka unavimba hata kama kila aliyesuka ana mkono mzuri. Upana wa ukili hupatanwa kabla ya kuanza kusuka.

Kwa hiyo, kabla hamjagawana mada hata moja, andikeni ukurasa mmoja wa makubaliano. Wetu wa kozi ile, tulipoanza upya, ulikuwa hivi:

```
ΔU = q + w      w = kazi inayofanyiwa mfumo
w = −pΔV        p ni ya nje
T               K daima, si °C
R = 8.314 J/(mol K)
ΔH, ΔG          kJ/mol
ΔS              J/(mol K)
```

Mistari sita tu, na ilituchukua karibu saa nzima kukubaliana. Msiharakishe saa hiyo. Mkibishana, asishinde mwenye sauti kubwa wala mwenye kitabu kinene. Chukueni maswali ya semina ambayo mhadhiri wenu ameyakokotoa mwenyewe, mwangalie anaandikaje, na mfuate hivyo, kwa sababu ndivyo mtakavyosahihishwa. Shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, linapendekeza q + w, lakini kama mhadhiri anatumia mtindo wa fizikia, tumieni huo na mwandike wazi kwamba W ni kazi inayofanywa na mfumo. Mitindo yote miwili ni halali. Kisichofaa ni kuichanganya.

Mstari wa R unaonekana mdogo, ila una mtego wake. Vitabu vingi hutoa pia 0.08206, ambayo ni ya lita na atmosfia. Mtu wa gesi aliizoea hiyo, na katika desa letu la kwanza alikokotoa kazi ya gesi inayotanuka kwa lita 3 dhidi ya atmosfia 2, akaandika −6. Ni kweli, ni −6, lakini za lita-atmosfia. Lita-atmosfia moja ni jouli 101.3, kwa hiyo ni kama jouli −608. Aliyeichukua ile 6 na kuijumlisha na joto la jouli 500 alipata namba isiyo na maana yoyote, na karatasi haikumwonya.

Ukurasa ukishakamilika ndipo mgawane, na hapo nawasihi msihesabu mada. Mada ya gesi wengi wameisoma tangu Kidato cha Tano, wakati entropi ni ngeni kwa karibu kila mtu. Ukimpa kila mmoja mada moja unakuwa umempa mmoja kazi ya siku mbili na mwingine ya wiki mbili, na yule wa wiki mbili ndiye ataleta kazi iliyonakiliwa kutoka kwenye slaidi. Sisi tulichukua pasti pepa za miaka minne, tukajumlisha maksi za kila mada, tukalinganisha na saa za mihadhara. Gesi na sheria ya kwanza tukampa mtu mmoja. Entropi tukawapa wawili.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona mpaka kikundi cha tatu. Mada za kozi kama hii zinapokezana, kila moja inabeba kitu kutoka kwa iliyotangulia. Sasa namwomba kila mwandishi aweke mistari miwili: mwanzoni aandike anapokea nini kutoka mada iliyopita, na mwishoni anatoa nini kwa mada inayofuata, pamoja na vizio vyake. Faida yake utaiona kwenye Gibbs. Mlinganyo ni ΔG = ΔH − TΔS. Mtu wa enthalpi anatoa kilojouli, mtu wa entropi anatoa jouli, na mtu wa Gibbs anapokea vyote viwili.

Chukua utengenezaji wa amonia kutoka naitrojeni na hidrojeni, N₂ + 3H₂ → 2NH₃, kwenye 298 K. ΔH ni kilojouli −92.2. ΔS ni jouli −198.7 kwa kila kelvini. Ukigawa entropi kwa 1000 kwanza, TΔS inakuwa −59.2, na ΔG inakuwa −92.2 + 59.2, yaani kilojouli −33.0. Mmenyuko unaweza kwenda wenyewe. Ukisahau kugawa, unapata chanya elfu hamsini na tisa na ushei, na utaandika kwamba mmenyuko hauwezekani kabisa. Yaani hukosei namba peke yake, unakosea hata sentensi ya maelezo iliyo chini yake. Mstari mmoja wa "napokea ΔS kwa J/(mol K), nagawa kwa 1000" unaliziba pengo hilo.

Kuunganisha ni kazi ya mkono mmoja. Wengi hufungua Google Docs na kuwaruhusu wote kuhariri, na baada ya siku mbili kuna vichwa vya habari vya aina tano na mtu amefuta aya ya mwenzake bila kujua. Mchagueni mhariri mmoja. Wengine wabaki kwenye `Suggesting`, ambapo wanapendekeza na yeye anakubali au anakataa. Mumpunguzie na mada, kwa sababu kazi yake ni kubwa, hasa mkiwa na wenzenu wanaoandika kwa mkono na kutuma picha. Picha zisibandikwe zilivyo. Ukurasa wa picha hautafutiki wala hausahihishwi, na makosa ya vizio hupenda kujificha humo.

Mhariri anaanza kwa kutafuta herufi. Anabonyeza Ctrl+F na kupita kwenye ukurasa wa makubaliano mstari kwa mstari. Kwenye kikundi kimoja nilikuta nishati ya ndani imeandikwa ΔU kwenye mada mbili na ΔE kwenye ya tatu, maana vitabu vingine hutumia E. Nikataka kubadilisha kila E iwe U kwa mkupuo. Afadhali nilisita, kwani mada ya elektrokemia inatumia E kwa volti ya seli, ΔG = −nFE, na amri moja ya `Replace all` ingeliharibu somo zima la betri. Badilisheni moja moja, mkisoma sentensi iliyoizunguka.

Desa likishaungana, msilichape bado. Kila mtu achukue swali la pasti pepa kutoka mada ambayo hakuiandika, alikokotoe akiwa na desa peke yake, vitabu na simu vikiwa pembeni. Akikwama, asiulize. Aweke alama mahali alipokwamia na aandike alihitaji nini. Mwandishi wa mada haoni mapengo yake, kwa sababu kichwani mwake hayapo. Kwa mfano, mtu wetu wa entropi aliandika ΔS = q/T bila kusema kwamba q hapo ni ya mchakato unaorejesheka. Yeye alijua. Aliyeikokotoa kwa gesi inayotanuka ghafla kwenye ombwe, ambako q ni sifuri, alipata entropi sifuri, na hilo si kweli, entropi ya gesi hiyo inaongezeka. Neno moja lililokosekana lilionekana siku hiyo ya kubadilishana, na lisingeonekana kwa kusoma tu.

Tenga siku tatu kwa zoezi hili. Kama mwenzenu hajaleta sehemu yake mpaka hapo, msimsubiri, mada hiyo kaeni wote muiandike kwa jioni moja. Itakuwa fupi, lakini itafuata ukurasa wa kwanza. Sehemu inayokuja usiku wa mwisho kwa kawaida haiufuati, na utaitambua haraka: ina herufi ambazo hamkukubaliana, na haina hata mfano mmoja uliokokotolewa.

Mwaka wa pili tuliingia kwenye mwendokasi wa mmenyuko tukiwa na ukurasa uleule. Siku ya kwanza tu, mtu mmoja aliandika k kwa kasi, mwingine K kwa msawazo, na wa tatu, kwa mwandiko wake, hukuweza kujua ni ipi. Na kelvini nayo ni K. Tukaongeza mistari miwili pale juu, `k` kwa kasi na `Kc` kwa msawazo, kila mtu akasahihisha kurasa zake kabla hatujagawana mada iliyofuata.