Usiweke trei ya kahawa wazi kwenye friza yenye samaki

"Wadau, kila asubuhi inabaki kahawa nusu jagi. Nataka kuigandisha kwenye trei ya barafu ili kahawa ya baridi isiwe majimaji. Trei nimeshaiweka juu ya nyama tu, si kuna shida? Na maziwa natia kabla ya kugandisha au baadaye?"

Toa hiyo trei juu ya nyama sasa hivi! Usisubiri kesho.

Mwaka jana hapa Moshi tulikuwa na kipaimara cha binti wa dada yangu, nikabakisha kahawa nzuri ya arabika, nikajaza trei tatu nikazisukuma friza bila kufunika, na chini yake kulikuwa na sato wamefungwa kwenye gazeti pamoja na mfuko wa kitunguu swaumu. Siku ya tano nikatengeneza kahawa ya maziwa ya baridi kwa wageni. Kabla sijamwaga barafu kwenye jagi nilinusa, haina kitu. Nikaonja kijiko, safi. Dakika kumi baadaye shangazi akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hii imepikwa kwenye sufuria ya samaki?" Jagi zima, lita tatu za maziwa, ikaenda kwenye sinki.

Na aliyeniambia nisifunike ni muuzaji wa zile trei, eti baridi inaua harufu. Muongo yule! Baridi haiui harufu, inaizuia tu isipande puani. Barafu ikianza kuyeyuka na kinywaji kupata joto kidogo, ndipo samaki anajitokeza. Ndiyo maana kunusa kipande kilichoganda hakukuambii kitu. Kupima ni hivi: toa kipande kimoja, kiyeyushe kwenye kikombe mpaka kiwe cha joto la chumbani, kisha onja bila sukari. Kikikuletea samaki au kitunguu, trei nzima imeharibika, na sukari haitaificha.

Kwa hiyo funika, ndugu yangu, hilo tu ndilo ninaloshikilia. Kwanza kahawa ipoe kabisa, usiimimine ya moto, maana mvuke wake unageuka theluji ndani ya friza na joto lake linalegeza vyakula vingine. Mie naweka jagi kwenye beseni la maji baridi, huku nimefunika mdomo wa jagi kwa kisahani, mpaka ipoe. Mimina, halafu tandika nailoni ya chakula juu ya trei, ibonyeze iguse kahawa yenyewe pasibaki hewa. Ikishaganda usiku kucha, usiiache kwenye trei, ihamishie kwenye mfuko wenye zipu, minya hewa yote, uweke upande wa mbali na kitoweo. Nami huwa simalizi wiki mbili kabla ya kuitumia yote.

Na kahawa iliyoshinda kwenye chupa ya chai mpaka jioni usiigandishe, itakuwa chungu na kali vilevile ikiyeyuka. Gandisha ya asubuhi, asubuhi hiyohiyo. Nenda kafungue friza ukaangalie kilicho chini ya trei yako.