Kivuli kinatokea kama boksi

"Nimemkata bosi kwenye picha nikamweka kwenye slaidi ya PowerPoint, ila nikiweka kivuli kinatokea cha mstatili. Nakosea wapi?"

Salama mkuu. Kwanza weka rangi nzito nyuma ya slaidi. Ukiona boksi jeupe limemzunguka, basi picha haina uwazi; huenda ni JPEG, na JPEG haihifadhi uwazi. Weupe ule ni sehemu ya picha, na kivuli kinaufuata.

Bofya picha, nenda Picture Format, kisha Remove Background. Kinachopakwa zambarau ndicho kitakachoondoka. Mara nyingi zana hii hula pia masikio na vidole vya mtu, kwa hiyo navuta karibu hadi 300% na kuvirudisha kwa Mark Areas to Keep, halafu Keep Changes. Ukitaka kuitumia kwingine, bofya kulia, Save as Picture, chagua PNG.

Sasa kivuli: Picture Effects, Shadow, Shadow Options. Transparency 65%, Blur 20 pt, Distance 6 pt inanitosha. Kitafuata umbo lake.

Ila kama anaonekana hadi miguu, kivuli hicho kinamfanya kama stika iliyobandikwa ukutani. Hapo mimi nachora duara bapa jeusi lisilo na mstari wa pembeni chini ya viatu, naliwekea Transparency 60% na Soft Edges 10 pt, kisha nalipeleka nyuma yake kwa Send Backward. Soft Edges hula kuelekea ndani, hivyo duara likiwa jembamba mno litapotea lote, liongeze kimo.