Faida haionekani: ni chuma ulete au ni madeni?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi nauza mawese hapa Ujiji. Dumu linaisha vizuri tu, lakini nikitaka kununua jingine pesa haitoshi. Kuna bibi mmoja huja asubuhi na mapema na noti iliyochakaa, nikiipokea siku nzima mambo yanakuwa mazito. Nimeshawaambia na wenzangu wa meza za jirani kwamba yule ni chuma ulete. Nisome dua gani? Wengine wananishauri niandike madeni, ila naona haya, maana wateja ni majirani zangu. Si wataona siwaamini?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Uchawi upo, Qur'ani imeutaja, na mimi siupingi. Lakini mtu haanzi na uchawi kabla hajahesabu. Kuna mwanamke wa soko la Mwanga aliyenijia na shida kama hii yako, naye pia alikuwa na mtu anayemshuku. Ameniruhusu nisimulie habari yake bila kumtaja jina.

Naye anauza mawese. Dumu la lita 20 alikuwa akilinunua shilingi 80,000 na kuuza lita moja 5,000, kwa hiyo likiisha anatarajia 100,000. Nikamwambia, mama, faida yako yote kwenye dumu hili ni 20,000, nayo ni bei ya lita nne. Zikiondoka lita nne bila kulipwa, umefanya kazi bure. Ikiondoka ya tano, umeanza kula mtaji. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini sheikh, hakuna mtu aliyewahi kunikopa lita nne."

Ni kweli, hakuna. Walikuwa wanakopa robo na nusu.

Akanunua daftari la shule, akalichora mistari: tarehe, jina, kipimo, pesa, siku aliyoahidi kulipa. Wiki ya kwanza aliliharibu, kwa sababu alikuwa anaandika jioni akiwa nyumbani, kwa kukumbuka. Aliandika "Mama Asha" bila kukumbuka kwamba sokoni hapo wako kina Mama Asha watatu. Mmoja alipolipa nusu, alifuta deni lote na kuandika jipya pembeni, na baada ya siku mbili mwenyewe hakuelewa alichoandika. Tukakubaliana aandike palepale mafuta yanapopimwa, jina likae na mtaa au kazi ya mtu, na malipo yapewe mstari wake bila kufuta kitu.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba mkopaji mwenyewe atamke. Hilo sikulibuni mimi. Aya ya deni, Suratul Baqara 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inaelekeza kwamba anayedaiwa ndiye aimlishe, yaani yeye aseme na mwandishi aandike. Basi mteja akawa anasema kwa kinywa chake, "Nusu lita, nitalipa Ijumaa," na mwenye meza anamsomea alichoandika. Ugomvi wa "mbona umeniandikia nyingi" ukaisha.

Mwezi ulipokwisha alikuwa ameuza madumu kumi. Kwa hesabu yake faida ilipaswa kuwa 200,000. Akaja na daftari, kona zake zimeshalowa mawese, tukalipitia ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa na hakika kwamba wanaommaliza ni mama lishe wawili wanaochukua lita nzima nzima. Tukakuta wale hulipa kila mwisho wa wiki na hawakudaiwa hata senti. Robo na nusu za watu wengi, ambazo zamani hakuzihesabu kuwa deni, zilifika 85,000 ambazo hazijalipwa.

Halafu kulikuwa na ukurasa wa nyuma. Nilimwomba aandike pia kila mafuta yanayotoka mezani kwenda nyumbani kwake, na yale wanayopewa mawifi wakipita kumsalimia. Huko kulikuwa na lita 14, yaani 70,000. Jumla 155,000. Zile 45,000 zilizobaki ndizo alizokuwa akinunulia chakula cha mchana na kulipia ushuru, na jioni anajiuliza pesa imekwenda wapi.

Yule mtu aliyeshukiwa na mama huyo hakuwamo humo hata mara moja. Alikuwa analipa taslimu.

Sasa nije kwenye haya yako. Aya hiyohiyo inasema msichoke kuliandika deni, liwe dogo au kubwa, mpaka muda wake. Dogo limetajwa kwanza. Ikaeleza sababu: ni uadilifu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu, inasimamisha ushahidi vizuri zaidi, na inawaweka mbali na shaka. Kwa hiyo daftari linamlinda jirani na shaka yako, na wewe linakulinda na kusahau kwake. Wanazuoni wengi wanasema amri hii ni ya kupendekezwa, si faradhi, kwa kuwa aya ya 283 imeruhusu watu kuaminiana. Biashara ya mkono kwa mkono imetolewa humo, haina lazima ya kuandikwa, basi usijichoshe kuandika wanaolipa palepale.

Mafuta ya nyumbani usiyaite deni la mume, maana hamkukubaliana hivyo. Mali yako ni yako, na matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume. Ukitoa kwa kuwasaidia watu wako, nia sadaka. Bibi Zainab, mke wa Ibn Mas'ud, alipouliza kuhusu kumpa mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea, Mtume (s.a.w.) alijibu kwamba ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ila iandike, ujue umetoa kiasi gani, ili usitafute mchawi kwa kitu ulichokitoa mwenyewe.

Anayechelewa kulipa usimwongezee kitu juu ya deni, hiyo ni riba. Ukitaka bei ya mkopo iwe juu kuliko ya taslimu, wanazuoni wengi wameruhusu, maadamu mmekubaliana bei moja kabla hamjaachana na haipandi tena baadaye. Na asiye nacho kweli, aya ya 280 inataka asubiriwe mpaka apate, na kumsamehe ni bora zaidi. Nawe huwezi kumsamehe mtu deni usilolijua. Yule mama wa Mwanga alisamehe majina machache, akawaambia wenyewe, na wengine akawafuata siku waliyoahidi. Siku hizi nyumbani anapeleka lita moja kwa wiki, na anayeomba ya ziada anamjibu kwamba dumu bado halijarudisha pesa yake.

Kuhusu dua, soma Ayatul Kursiyyu na sura mbili za kinga, Falaq na Naas, asubuhi na jioni. Inatosha. Usimlipe mtu akufanyie kisomo cha meza, hiyo faida huna.

Limebaki la bibi. Dhana iliyokaa moyoni mtu hutubia kwa Mola wake ikaisha. Lakini wewe umeitamka kwa watu, na sokoni neno hilo linaweza kumnyima mzee hata wa kumuuzia. Suratul Hujurat 12 imekataza dhana hizo na kusengenya pia. Rudi kwa walewale uliowaambia, mmoja mmoja, uwaambie huna ushahidi na umeliondoa neno lako. Kama habari haijamfikia mwenyewe, wanazuoni kadhaa wanaona usimpelekee ukamuumiza, bali umwombee na umtaje kwa wema palepale ulipomsema vibaya. Kama imemfikia, mwombe radhi. Na kesho asubuhi akija na noti yake, ipokee.

Wallahu a'lam.