Boda ya mkopo au kudunduliza? Pigia hesabu masika, sio karafuu

Vijana wengi huku Pemba wananiuliza hili, na kila anaeniuliza anakuja na hesabu ya mwezi mzuri. Karafuu zimeiva, wachumaji wana hela mkononi, kutoka Wete mpaka Konde abiria hakatiki, basi kijana anaona akikopa pikipiki mwaka mmoja tu keshamaliza deni. Mdogo wangu, rejesho halijui msimu. Masika yakishuka njia za ndani zinakuwa tope na watu hawatoki, Ramadhani mchana barabara nyeupe, na mkarafuu wenyewe ukizaa sana mwaka huu mwaka wa pili unaweza kukunyima. Deni lipo pale pale.

Mimi nilianza na pikipiki ya tajiri, nikawa napeleka hesabu kila jioni, na nilikuwa na kidaftari naandika vitu vitatu tu: nimeingiza ngapi, mafuta ngapi, kilichobaki ngapi. Kile kidaftari ndo kilichoniamulia, maana kilikuwa na siku za mvua ndani yake, na siku za mvua mtu ukizihadithia kwa kichwa unazisahau.

Tuchukue mfano wa namba nyepesi, wewe utaweka za kwako. Pikipiki milioni 3. Mkopo wote unarudisha milioni 3 na laki 9 kwa miezi 12, yani 325,000 kwa mwezi, ukifanya kazi siku 26 ni 12,500 kila siku. Siku ya kawaida unaingiza 25,000, mafuta 8,000, na 2,000 lazima uweke pembeni ya oili, tairi, cheni, hii usiiguse. Inabaki 15,000. Toa rejesho, nyumbani unapeleka 2,500. Sasa njoo masika: unaingiza 15,000, mafuta 5,000, toa ile 2,000, inabaki 8,000 na rejesho ni 12,500. Kila siku una pengo la 4,500 kabla hujanunua hata mkate. Hapo ndo watu wanaanza kuila ile pesa ya oili, injini inakufa, na pikipiki iliyolala gereji hailipi deni.

Upande wa kudunduliza nao una ugumu wake. Unaendesha ya tajiri kwa hesabu ya 7,000, siku ya kawaida inabaki 10,000, ukijikaza ukaweka 4,000 unapata kama laki moja kwa mwezi. Milioni 3 ni zaidi ya miaka miwili, na miaka miwili bei dukani haikusubiri, na hela ikikaa kwenye kibubu ndani kila harusi na kila ugonjwa unaikuta. Ndo maana mie pesa zangu nilizitia kwenye mchezo na wenzangu wa kijiweni, zamu yangu naomba iwe ya mwisho makusudi.

Nilichofanya, na ndo ninachokushauri, nilidunduliza mpaka nusu halafu nikakopa nusu. Kwa mfano wetu unakopa milioni moja na nusu, unarudisha kama 6,250 kwa siku. Iangalie hiyo namba vizuri: iko chini ya ile hesabu ya 7,000 uliyokuwa unampelekea tajiri masika na kiangazi. Matengenezo sasa ni yako, kwa hiyo jumla inapita kidogo, ila ni mzigo ambao bega lako limeshauzoea. Kwenye siku ya masika unayoingiza 15,000 inabaki 1,750, ni ndogo sana sikufichi, lakini hujavunjika. Kama wewe hata hesabu ya tajiri masika ilikuwa inakushinda unamuomba akusamehe, basi bado usikope, endelea kuweka.

Mkopo wenyewe utafute wa murabaha ukiweza, wao wananunua pikipiki halafu wanakuuzia kwa bei iliyoandikwa, na bei hiyo ikishaandikwa haipandi hata ukichelewa. Sisi Waislamu riba tunaikimbia kwa dini, lakini hata kwa biashara peke yake ni raha kujua deni lina mwisho.

Na ile mikataba ya mtu binafsi, unapeleka kila siku mpaka pikipiki iwe yako, isome kwa mchana sio kwa furaha. Muulize akuandikie ukichelewa siku ngapi anaichukua. Akiichukua umeshalipa milioni 2, zile zako zinarudi au zimepotea? Kadi ina jina la nani na ataibadilisha lini? Kijana wa shangazi yangu alichukua ya hivyo msimu wa karafuu, analipa vizuri kabisa, masika akarudi nyuma wiki mbili, wakaja kuichukua barazani asubuhi na hakurudishiwa hata shilingi, kwa sababu kwenye karatasi aliyosaini halikuandikwa lolote kuhusu kurudishiwa. Akikataa kukuandikia hayo, muachie pikipiki yake, rudi kwa tajiri uendelee na hesabu.