Muhtasari wa kikao: PDF au DOCX?

"Nikituma muhtasari wa kikao kwa Word, wenye simu wanaona jedwali limevurugika. Nitume faili la aina gani?"

Ndugu Katibu, kwa wanaosoma tu tuma PDF, ambayo kwa kawaida hubeba fonti zake na vipimo vya ukurasa, ilhali DOCX, yaani faili la Word, hutegemea fonti zilizomo kwenye kifaa cha mpokeaji, na zisipokuwepo programu huweka nyingine zenye upana tofauti, ndipo mistari inaposogea na jedwali kumwagikia ukurasa wa pili. Mwenyekiti anayepaswa kusahihisha, yeye pekee mtumie DOCX; akiirudisha, toa PDF mpya. Kabla ya kuituma ifungue kwenye simu yako: herufi zikiwa ndogo mno, punguza safu wima za jedwali, kwa kuwa PDF haijipangi upya kufuata upana wa kioo.